Mitihani, likizo na mfungo: kwa nini watazamaji wa chaneli yako huja na kuondoka, na fedha yake huingia lini

Msikilizaji wetu mmoja, mwalimu wa sekondari hapa mkoani Tanga, alinipigia simu siku chache baada ya Krismasi. Ana chaneli ya YouTube ya masomo ya Baiolojia kwa kidato cha nne. "Mtangazaji," akaniambia, "chaneli yangu imekufa. Nadhani wamenifungia." Mwezi Novemba watu walikuwa wakimiminika, naye kwa furaha ile akachukua kompyuta mpakato kwa mali kauli, akiahidi kumalizia Januari na Februari. Ilipofika katikati ya Desemba, video zile zile zilizokuwa zikitazamwa mara elfu mbili kwa siku zilikuwa hazifiki hata mia mbili.

Hakuna aliyemfungia. Mtihani ulikuwa umekwisha, basi. Tumepata simu nyingi za namna hii tangu tulipozungumzia kipato cha mtandaoni katika kipindi cha asubuhi, kwa hiyo hapa nimeandika kwa urefu yale ambayo hewani hayakutosha. Mwalimu ameniruhusu nimsimulie bila kutaja jina lake wala shule yake.

Nani ameshika simu, na mwezi gani

Mtazamaji wa chaneli ya masomo haji kwa sababu anakupenda. Anakuja kwa sababu ana mtihani. Akishaufanya haji tena, na yule wa mwaka kesho bado hajaanza kuogopa. Ndiyo maana kalenda ya NECTA ndiyo kalenda ya chaneli hiyo. Darasa la saba hufanya mtihani Septemba. Darasa la nne na kidato cha pili huwa kati ya mwisho wa Oktoba na Novemba. Kidato cha nne ni Novemba, na kidato cha sita ni Mei.

Lakini kuna jambo ambalo kalenda hiyo haikuambii, na mwalimu alilikuta mwenyewe alipokaa na daftari. Alidhani kilele chake ni kimoja tu, Novemba. Alipoangalia mwaka mzima akaona kilima kingine katikati ya Juni, kisha bonde Julai. Tukajiuliza, Juni kuna nini? Juni wanafunzi wa bweni wako nyumbani. Shuleni hawaruhusiwi simu, na wiki za mwisho kabla ya mtihani wengi wako kambini wanasoma usiku na mchana bila hata kuiona. Wakati pekee ambao mwanafunzi wa bweni anaweza kutazama somo la "Genetics" kwenye simu ya mama yake ni likizo. Wale wanaojaa Novemba ni wengine kabisa: wanafunzi wa kutwa, watahiniwa wa kujitegemea wanaojisomea baada ya kazi, na walimu wenzake wanaotafuta namna ya kufafanua mada ngumu.

Hao ni watu wa aina mbili, na wanataka vitu viwili tofauti. Wa Juni ana muda. Atatazama somo zima la dakika 25 kuanzia mwanzo. Wa Novemba hana muda. Anatafuta swali la mwaka fulani na jibu lake, dakika 6, usiku mmoja kabla ya karatasi. Mwalimu alikuwa akifanya kinyume: masomo marefu aliyapandisha Oktoba, na maswali yaliyopita akayaweka Juni, wakati hakuna aliyekuwa akiyatafuta.

Chaneli za vichekesho, muziki na michezo ya watoto huenda upande mwingine wa mizani. Kwao Desemba ni neema, maana shule zimefungwa, ndugu wamerudi kijijini, na simu moja inatazamwa na watoto watano. Januari huanguka, ada na sare zinapokula fedha ya bando. Ukiwa na chaneli ya aina hiyo, usome makala hii ukigeuza miezi tu. Mambo ya fedha chini yatakuhusu vile vile.

Utajuaje kuwa ni msimu na si kosa lako

Hili ndilo lililomsumbua mwalimu hata akakosa usingizi. Fungua programu ya YouTube Studio kwenye simu, ingia sehemu ya Analytics. Tazama namba mbili kwa pamoja. Ya kwanza inaitwa "Impressions", yaani ni mara ngapi picha ya video yako ilionyeshwa kwa watu. Ya pili ni "Impressions click-through rate", yaani katika kila watu mia walioonyeshwa, wangapi walibonyeza.

Ikiwa watazamaji wamepungua kwa sababu ya msimu, namba ya kwanza huanguka na ya pili hukaa karibu pale pale. Maana yake ni kwamba watu hawatafuti jambo hilo sasa, lakini wachache wanaolitafuta bado wanakuchagua wewe. Ikiwa namba ya kwanza ipo palepale na ya pili ndiyo iliyoanguka, hapo una kazi: kichwa cha video au picha yake haiwavuti watu, au kuna mwenzako ametengeneza kitu kizuri zaidi na anakaa juu yako. Ongeza na kipimo cha tatu, muda ambao watu hukaa katika video. Kama zamani walikuwa wakitazama nusu ya video na leo bado wanatazama nusu, video haijaharibika.

Kwa mwalimu, picha zilionyeshwa mara chache sana, lakini waliobonyeza walikuwa wale wale kwa mia. Nikamwambia alale.

Tahadhari moja ndogo. Siku katika Analytics zinahesabiwa kwa saa za Pasifiki, Marekani magharibi. Siku yao huanza kwetu asubuhi, karibu saa 4 au saa 5 kutegemea wakati wa mwaka. Kwa hiyo usiku mkubwa wa kuamkia mtihani wa Baiolojia unaweza kuonekana umeandikwa chini ya tarehe ya jana yake. Usigombane na namba kwa ajili ya tofauti ya siku moja.

Lini upandishe

Video ya masomo haiishi kama habari. Habari hutazamwa leo ikafa kesho. Somo hutafutwa kwa maneno, na mtandao unahitaji muda kujua video hiyo inawafaa watu gani. Ukipandisha jibu la swali la mtihani uliopita wiki ya mtihani wenyewe, utakuta video za wenzako za miezi mitatu nyuma zimekwisha kaa juu. Mwalimu alijaribu mwaka uliofuata: maswali yaliyopita aliyapandisha kuanzia katikati ya Agosti hadi mwisho wa Septemba, mawili kwa wiki. Oktoba hakurekodi kitu kipya kikubwa. Alirudi kwenye video zake za zamani, akarekebisha vichwa viseme wazi mada na kidato, akaongeza viungo vya kumpeleka mtazamaji kwenye video inayofuata. Masomo marefu aliyamaliza Mei ili wa Juni wayakute.

Hapa kijijini kupandisha video kuna gharama yake. Dakika 10 za picha ya 1080p moja kwa moja kutoka kwenye simu huweza kufika GB 1 au zaidi. Ukisubiri hadi wiki ya kilele ndipo upandishe video nane, utanunua bando la gharama na mtandao utakuangusha njiani. Afadhali uhariri, uhifadhi kwa 720p ambayo ubao wa chaki unasomeka vizuri tu, kisha upandishe usiku katika miezi ya bonde. Unapoulizwa "Visibility" chagua "Schedule", uandike tarehe na saa. Video itakaa imefichwa na kujitokeza yenyewe siku uliyopanga, hata kama siku hiyo uko shambani na simu imezimika.

Na jambo ambalo mwalimu mwenyewe alisisitiza nilitaje: kila Novemba zinazuka chaneli zinazodai zina mtihani uliovuja. Watu hubonyeza kwa maelfu. Kuvujisha mtihani na kuusambaza ni kosa la jinai, na hata kama ni uongo mtupu wa kutafuta watazamaji, chaneli inaweza kuondolewa kwa udanganyifu. Usitamani kilele cha namna hiyo.

Ramadhani haikai mahali pamoja

Sasa twende Pangani. Kuna mama mmoja huko anayepika futari mbele ya simu iliyofungwa kwenye kinu kilichopinduliwa. Kaimati, mkate wa kumimina, magimbi ya nazi, uji wa pilipili manga. Kwake yeye Novemba si kitu. Mwaka wake mzima uko katika mwezi mmoja, na mwezi huo hutembea.

Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi wa angani, kwa hiyo Ramadhani husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka katika kalenda ya kawaida. Mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi. Mwaka 2026 ni karibu na tarehe 18 au 19 Februari, na mwaka 2027 karibu na tarehe 8 Februari, kila mara kutegemea kuonekana kwa mwezi. Hapo ndipo watu wengi hudanganyika na namba. Machi 2025 karibu yote ilikuwa mfungo. Machi 2026 ina theluthi mbili tu za mfungo, na theluthi nyingine ni baada ya Idi. Ukilinganisha Machi na Machi utaona umeshuka vibaya, uache kupika, kumbe watu wako walikuja Februari. Linganisha siku ya kwanza ya mfungo na siku ya kwanza ya mfungo, wiki ya pili na wiki ya pili. Mama wa Pangani ana daftari lenye kurasa za "mfungo mosi" hadi "mfungo thelathini", na kila jioni mjukuu wake humwandikia namba ya siku. Sijaona mpango ulio bora kuliko huo.

Mwaka 2026 kuna jambo jingine la kuangalia. Jumatano ya Majivu ni tarehe 18 Februari, kwa hiyo Kwaresima na Ramadhani zinaanza karibu siku moja. Mwaka 2027 ni hivyo hivyo, Jumatano ya Majivu ikiwa tarehe 10 Februari. Kwa chaneli za muziki wa kucheza hiyo ni miezi miwili ya ukame unaokuja kwa mara moja badala ya kugawanyika, maana wafuasi wa dini zote mbili wamepunguza starehe pamoja. Kwa chaneli za kaswida, mawaidha na kwaya ni kinyume chake. Atakayepanga kutoa wimbo wa harusi, asubiri wiki ya Idi au baada ya Pasaka, ambayo mwaka 2026 ni tarehe 5 Aprili.

Ndani ya mwezi wenyewe saa nazo hubadilika. Siku za kawaida watu hutazama jioni kuanzia saa 1 hadi saa 4 usiku. Katika mfungo, saa 12 hadi saa 1 jioni simu zimewekwa chini, watu wanafuturu na kuswali. Kisha baada ya tarawehe utazamaji hupanda, na wengine huamka tena kwa daku. Lakini mtu anayetafuta namna ya kupika kaimati hatafuti usiku akiwa ameshiba. Anatafuta saa 8 au saa 9 mchana, anapofikiri leo apike nini, na muda wa kuumua unga bado upo. Mama alikuwa akipandisha saa 11 jioni, baada ya kumaliza kupika. Video ilifika kwa watu wakiwa na tende mkononi. Sasa hutoka saa 12 asubuhi, na mchana inapotafutwa iko tayari.

YouTube Studio ina picha ya saa ambazo watazamaji wako huwa mtandaoni, sehemu ya "Audience". Ni nzuri, ila hukusanya siku 28 zilizopita. Maana yake wiki ya kwanza ya mfungo bado inakuonyesha tabia za Shaabani, na wiki ya kwanza ya Shawwal inakuonyesha tabia za mfungo. Katika wiki hizo mbili amini daftari lako la mwaka jana kuliko picha hiyo.

"Mwanangu," mama aliniambia, "mimi siku hizi Ramadhani sipiki ya kurekodi." Anarekodi Shaabani. Kwanza unga, sukari na nazi huwa havijapanda bei. Pili, akiwa amefunga hawezi kuonja, na mwaka mmoja alirekodi tambi zilizokolea chumvi badala ya sukari bila kujua, hadi watu wa nyumbani walipofuturu nazo. Anatengeneza video 18 katika wiki tatu, anazipanga zitoke kwa tarehe. Visheti na keki za Idi huziweka kuanzia mfungo 18 hivi, si mfungo 28, kwa sababu mtu hununua vitu vya Idi mapema. Baada ya Idi anajua kabisa kuwa namba zitaanguka ndani ya siku tatu, naye hupumzika.

Fedha hufuata nyuma, na si kwa kasi ile

Hapa ndipo penye maumivu, kwa hiyo nitakwenda taratibu.

Kwanza, watazamaji wale wale hawaleti fedha ile ile kila mwezi. Fedha inatoka kwa wenye matangazo, na wengi wao hutumia sana kuelekea mwisho wa mwaka, kisha Januari hufunga mifuko. Katika video ndefu mwenye chaneli hupata asilimia 55 ya fedha ya matangazo. Studio inakuonyesha "RPM", yaani kiasi unachobaki nacho kwa kila kutazamwa mara 1,000. Tuseme kwa mfano Novemba RPM yako ilikuwa senti 60 za dola na Januari ikawa senti 40. Kutazamwa mara 50,000 Novemba kunakupa dola 30, na mara 50,000 zile zile Januari kunakupa dola 20. Hukukosea kitu. Basi usipange Januari kwa bei ya Novemba.

Pili, kuna kuchelewa. Fedha unayoiona katika Studio ni makadirio. Hesabu ya mwezi hufungwa na kuingizwa katika akaunti yako ya AdSense kati ya tarehe 7 na 12 ya mwezi unaofuata, ikiwa imepungua kidogo mara nyingi, kwa kuwa mibonyezo isiyo halali hutolewa. Malipo hutumwa kati ya tarehe 21 na 26, na benki huchukua siku zake. Kwa hiyo kazi ya tarehe 1 Novemba unaikamata mkononi karibu miezi miwili baadaye.

Tatu, hulipwi mpaka salio lifike dola 100. Lisipofika, linasubiri mwezi ujao.

Vitu hivi vitatu vikikutana na msimu ndipo mwalimu alipoumia. Tuchukue chaneli inayofanana na yake, kwa namba za mfano. Septemba imeingiza dola 40, Oktoba 85, Novemba 160. Desemba 45, Januari 20, Februari 25, Machi 30. Aprili 35, Mei 40, Juni 70, Julai 30, Agosti 30. Jumla ya mwaka ni dola 610, zaidi kidogo ya dola 50 kwa mwezi ukigawanya kwa kumi na mbili. Lakini hakuna atakayekulipa dola 50 kila mwezi. Angalia inavyokuja.

Septemba, dola 40 hazifiki 100, zinasubiri. Oktoba inaongeza 85, jumla 125, nazo zinalipwa mwishoni mwa Novemba. Novemba, dola 160, zinalipwa mwishoni mwa Desemba. Kisha ukame. Desemba 45, haifiki. Ongeza Januari 20, ni 65, haifiki. Ongeza Februari 25, ni 90, haifiki, tena kwa dola 10 tu. Machi inaifikisha 120, nayo inalipwa mwishoni mwa Aprili. Baada ya hapo Aprili, Mei na Juni zinafanya 145, zinalipwa mwishoni mwa Julai. Julai na Agosti, dola 60, zinabaki ndani.

Malipo manne kwa mwaka, basi. Kati ya lile la Desemba na lile la Aprili kuna karibu miezi minne ambayo hauoni hata senti, na miezi hiyo ndiyo ya ada, sare na mbegu. Mwenye kompyuta alipomfuata mwalimu Februari, mwalimu alikuwa na dola 65 zilizoonekana kwenye simu na sifuri mfukoni.

Anavyofanya sasa ni hivi. Malipo ya Novemba na Desemba, katika mfano wetu dola 285, anayaona kuwa ni ya miezi mitano, hadi yale ya Aprili yafike. Hiyo ni dola 57 kwa mwezi. Anazihamishia kwenye akaunti nyingine ambayo haiko kwenye simu yake, na kila mwanzo wa mwezi anajitumia hizo 57. Malipo ya Aprili ni ya kuvuka hadi Julai. Malipo ya Julai hayagusi kwa matumizi ya nyumbani, kwa kuwa ndiyo bando, ndiyo betri ya maikrofoni, ndiyo ujira wa kijana anayemhariria video za Agosti na Septemba. Mtaji wa Novemba unatoka Julai. Akiula, Novemba hana kitu cha kuonyesha. Deni lolote analochukua hulipanga liishe Desemba au Aprili, kamwe si Februari.

Kwa mama wa Pangani hesabu ni nyingine, na inauma zaidi kwa sababu ya matumaini. Fedha ya Ramadhani hainunui nguo za Idi. Angalia mwaka 2026: siku za mfungo za Februari zinalipwa kati ya tarehe 21 na 26 Machi, wakati Idi ni karibu na tarehe 20 au 21 Machi. Siku za mfungo za Machi zinalipwa mwishoni mwa Aprili. Wajukuu wakimuuliza nguo, mtandao haujibu. Kwa hiyo unga wa kurekodi na nguo za Idi hutoka katika fedha ya mfungo wa mwaka uliotangulia, ambayo ameitenga mafungu mawili tangu Aprili. Fungu la tatu ni la kuishi. Aliwahi kukopa vitu dukani akiahidi kulipa sikukuu, na hataki tena kuulizwa njiani.

Kwa chaneli mpya, barua ya PIN

Salio lako likifika dola 10, hutumwa barua ya posta yenye PIN ya kuthibitisha anwani. Bila kuiingiza hutalipwa hata ukiwa na dola 500. Barua huchukua wiki kadhaa, na kwetu inapitia sanduku la posta la shule, kanisa au msikiti ambalo hufunguliwa pale mwenye ufunguo anapokwenda mjini. Kwa chaneli ya mitihani, dola 10 za kwanza zinaweza kufika Oktoba, barua ikaja Desemba shule imefungwa, na malipo yako makubwa ya mwaka yakazuiliwa. Tumia sanduku linalofunguliwa likizo pia, andika namba ya S.L.P. sawasawa kama inavyosomeka, na mweleze mwenye sanduku kuwa unasubiri bahasha. Isipofika, ndani ya AdSense unaweza kuomba nyingine. Kizuizi chochote kwenye akaunti kinapaswa kuondolewa kabla ya tarehe 20 ya mwezi, la sivyo malipo yanasogea hadi mwezi unaofuata.

Mwalimu alimaliza deni la kompyuta mwishoni mwa Aprili, malipo yalipoingia, baada ya kumwomba mwenye duka amvumilie. Mwaka huu masomo yake marefu yote yalikuwa yamekwisha panda Mei tarehe 20, siku za likizo ya Juni zikiwa bado mbele. Maswali ya Agosti bado anayarekodi, Jumamosi na Jumapili, darasani, milango ikiwa imefungwa ili mbuzi wasiingie.